Msiilaumu blenda, tazameni gilasi

Yakizuka mazungumzo ya matunda na kisukari, hakosekani wa kusema kwamba blenda "inaua" nyuzinyuzi, kwa hiyo smuthi ni sukari tupu. Siafiki. Kisu cha blenda hukata tu, hakitoi kitu ndani ya jagi. Nyuzinyuzi zilizokuwa kwenye embe kabla ya kusagwa zimo humo humo baada ya kusagwa, ila zimekuwa vipande vidogo zaidi. Kinachozitoa ni chujio. Ukichuja ukatupa makapi, hiyo si smuthi tena, ni juisi, na hapo malalamiko ni ya haki.

Kuna hata majaribio madogo yaliyofanywa kwa watu wasio na kisukari, ambapo matunda yenye mbegu kama pasheni yaliposagwa hayakupandisha sukari ya damu kuliko yalipoliwa mazima. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mbegu tunazozimeza nzima hupita tumboni kama zilivyoingia, lakini zikisagwa hutoa nyuzinyuzi na mafuta yaliyofungiwa ndani. Ndizi na embe hazina faida hiyo, maana kokwa la embe hakuna anayelisaga. Mwenye kisukari asijipe ruhusa kwa sababu ya majaribio hayo.

Basi kwa nini smuthi huwapandishia wengi sukari? Jibu naliona katika jaribio la zamani, la mwaka 1977, ambamo watu 10 wenye afya walipewa tofaa kwa namna tatu: zima, lililopondwa, na juisi, kila namna ikiwa na kiasi kilekile cha wanga. Juisi iliweza kunyweka mara 11 haraka kuliko kula tofaa zima, na mara 4 haraka kuliko kula lililopondwa. Hata walipolazimishwa kwenda kwa mwendo mmoja, tofaa zima ndilo lililoshibisha zaidi, lililopondwa likafuata, juisi ikawa ya mwisho. Sukari ya damu ilipanda karibu sawa kwa zote tatu, lakini insulini ilipanda zaidi kwa juisi na kwa lililopondwa. Sasa fikiria mtu ambaye kongosho lake haliwezi kuongeza insulini upesi, au mwili wake hauisikii vizuri.

Meno yana kazi nyingine ambayo blenda haina: yanachoka. Hebu tuhesabu gilasi moja kubwa ambayo wengi wataiita ya afya. Ndizi moja ya wastani ina wanga gramu 27 hivi. Kikombe kimoja cha vipande vya embe, gramu 25. Kikombe cha juisi ya machungwa cha kulainishia, gramu 26, na nyuzinyuzi karibu hakuna. Kijiko kikubwa cha asali, gramu 17. Jumla ni gramu 95, na hunyweka kwa dakika chache. Sehemu moja ya tunda katika hesabu za lishe ya kisukari ina wanga gramu 15, kwa hiyo gilasi hiyo ni zaidi ya sehemu sita. Nani angekaa akala yote hayo kwa kutafuna, tena kabla ya chai na mkate?

Kwa hiyo nasema tunda zima liwe la kila siku, smuthi iwe ya mara mojamoja, na ihesabiwe kama mlo au sehemu ya mlo badala ya kinywaji cha kusindikizia chakula. Nusu ndizi, nusu kikombe cha stroberi, nusu kikombe cha mtindi usiotiwa sukari, kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, na maji ya kulainishia. Hapo wanga ni karibu gramu 30, na mafuta na protini huchelewesha tumbo kumwaga chakula. Pima matunda kabla hayajaingia kwenye jagi, kwa sababu yakishasagwa huwezi tena kuyahesabu kwa macho. Juisi na asali zibaki nje.

Miili haifanani, kwa hiyo kipimo kina neno la mwisho. Pima sukari kabla ya kunywa na tena saa mbili baada ya kuanza. Wengi huelekezwa wasivuke milimoli 10 kwa lita, au miligramu 180 kwa desilita, ingawa lengo lako ni lile mlilokubaliana na daktari wako. Siku nyingine kula matunda yaleyale, kiasi kilekile, bila kuyasaga, upime vilevile. Anayejidunga insulini kwa kuhesabu wanga aihesabu smuthi nzima, mtindi ukiwemo. Mwenye figo dhaifu aulize kwanza kuhusu ndizi, kwa ajili ya potasiamu.

Na sukari ikishuka hadi ukaanza kutetemeka na kutoka jasho, smuthi ya mtindi na karanga haifai, kwa sababu ileile ya kuchelewa tumboni. Hapo ndipo juisi iliyochujwa ina kazi: mililita 150 hivi, kisha upime tena baada ya dakika 15.