Andika jina la simu bwana!

Jamani mnaouza simu zilizotumika, hivi "SIMU KALI BEI POA NJOO INBOX" ndo kichwa cha tangazo kweli? Nani anasearch "simu kali"? Mimi nimetafuta Samsung A52s siku tatu, kumbe kuna mtu alikuwa nayo muda wote ila kaandika "Sumsung mpyaaa", nimeikuta kwa bahati tu nikiperuzi picha.

Mnunuzi anaandika jina la modeli na GB, basi. Sasa weka hivyohivyo, mwanzoni kabisa, maana kwenye listi kichwa kirefu kinakatwa: Samsung Galaxy A52s 5G 128GB, RAM 6GB, nyeusi, imetumika. Mbwembwe peleka kwenye maelezo.

Na usikisie modeli! A52 na A52s kwa macho ni zilezile ila prosesa tofauti, ingia setingi, sehemu ya kuhusu simu, usome namba ya modeli, SM-A528B ni A52s, SM-A525F ni A52 ya 4G. Kama kioo kina ufa sema palepale kwenye kichwa, maana wapo wanaotafuta hizohizo wakatengeneze.