Awamu ya tatu ya bonasi ya kubaki: ukiondoka kabla unaacha nini mezani

"Shikamoo kaka. Kampuni yetu ilinunuliwa, wenye mali wapya wakatupa barua ya bonasi ya kubaki, milioni 18 kwa awamu tatu, milioni 6 kila tarehe 30 Juni kuanzia 2024. Mbili nimeshachukua, bado ya Juni 2026. Sasa nimepata kazi sehemu nyingine wanataka nianze tarehe 1 Desemba 2025, mshahara unatoka milioni 3 unaenda milioni 3 na laki 8. Nikiondoka napoteza milioni 6 nzima?"

Marahaba mdogo wangu. Milioni 6 nzima hapana, maana hiyo hela haijawahi kuwa milioni 6 mkononi kwako. Mshahara wako umeshapita milioni 1 kwa mwezi kwa hiyo bonasi yote inaangukia kwenye asilimia 30 ya PAYE, TRA wanaondoka na milioni 1 na laki 8, benki inaingia milioni 4 na laki 2. Hiyo ndo unayoiacha. Nimekaa meza ya mishahara miaka mingi na watu wengi sana nimeona wanapiga hesabu kwa namba ya kwenye barua, wanaogopa, wanabaki, kumbe wanaogopea hela ambayo karibu theluthi yake ni ya serikali.

Upande wa pili nao upige hivyohivyo. Nyongeza ya laki 8 ukitoa asilimia 10 yako ya NSSF inabaki laki 7 na elfu 20, kodi yake laki 2 na elfu 16, mkononi unapata laki 5 na elfu 4 kila mwezi. Kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Juni ni miezi 7, hiyo ni milioni 3 na laki 5 na kidogo. Kwa hiyo ikifika tarehe 30 Juni utakuwa umepungukiwa kama laki 6 na elfu 70 tu ukilinganisha na wewe uliyebaki, na ikifika katikati ya Agosti umeshazirudisha, baada ya hapo ni faida mwezi kwa mwezi. Ukiangalia hivi unaona kuondoka si hasara kubwa kama inavyoonekana.

Ila bei ya kuondoka haikai sehemu moja, na hapa ndo waliotunga hizi awamu walitumia akili. Julai, awamu ikishaingia tu, unakuwa na miezi 12 mbele, milioni 4 na laki 2 ukiigawa ni laki 3 na nusu kwa mwezi. Desemba inakuwa laki 6 kwa mwezi. Machi unakuwa na miezi minne tu, zaidi ya milioni 1 kwa mwezi, na hapo kazi mpya ya kulifidia hilo uipate wapi? Ndo maana wanaoondoka wanaondoka Julai, na mwajiri anajua, na kwake hiyo ni sawa tu maana alichotaka ni kujua lini watu watatoka ajipange.

Na tuwe wakweli, mwajiri ana hoja. Utasikia watu wanasema nimefanya kazi miezi mitano ya mwaka wa tatu, basi nilipwe miezi mitano. Mwajiri atakwambia kazi ya miezi mitano nilishakulipa, inaitwa mshahara, hii nyingine nililipia wewe kuwepo siku ile, ili mifumo ihamishwe na wateja wakabidhiwe mtu anayejua mambo yalivyo akiwa bado ndani. Mimi hapo nakubaliana naye. Awamu ambayo haijalipwa, ukaondoka mwenyewe kwa hiari, kuikosa ni haki, uliijua tangu unasaini.

Nisipokubaliana naye ni pale anapotaka na zile zilizopita. Barua nyingine zina sentensi kwamba ukiacha kazi ndani ya miezi 12 baada ya kupokea awamu yoyote utairudisha. Sasa rudi kwenye hesabu yako uone inavyogeuka, unaacha milioni 4 na laki 2 ya Juni ijayo, halafu unatakiwa urudishe ya Juni iliyopita, na kama barua inasema kiasi kabla ya kodi unarudisha milioni 6 wakati wewe ulipokea milioni 4 na laki 2, ile milioni 1 na laki 8 iko TRA na kuifuatilia ni safari nyingine kabisa. Jumla ni milioni 10 na laki 2, na kwa nyongeza ya laki 5 kwa mwezi unahitaji zaidi ya miezi 20 kuifikia. Kazi ileile, mshahara uleule, sentensi moja tu ndo imebadilisha jibu kutoka nenda kwenda kaa.

Juni 2025 ulipokea awamu ya pili kwa sababu ulikaa mwaka wa pili wote, masharti uliyatimiza. Kuidai tena kwa ajili ya mwaka wa tatu ni kulipisha siku hizohizo mara mbili. Kama lazima iwepo basi ipungue kila mwezi unaokaa. Ukiondoka mwisho wa Novemba umekaa miezi mitano kati ya 12, urudishe saba kwa 12 ya ulichopokea, yaani milioni 2 na laki 4 na nusu. Hiyo hata mimi ningesaini.

Kitu kingine cha kuangalia ni maneno yanayozunguka tarehe. Barua nyingi zinasema awe mwajiriwa siku ya malipo na asiwe ametoa notisi. Kuna mtu nilifanya naye kazi alitoa notisi ya siku 28 mwanzoni mwa mwezi wa malipo akijua siku ya malipo bado yumo ofisini, na kweli alikuwemo, anakabidhi mafaili, lakini hakulipwa hata senti na barua ilikuwa upande wa ofisi. Angesubiri hela iingie ndo aandike, angeondoka wiki nne baadaye nayo mfukoni.

Angalia pia inasemaje ukipunguzwa kazi, maana kampuni iliyonunuliwa hupunguza watu, na kama barua haitofautishi anayeacha na anayeachishwa basi unaweza kukaa mpaka Aprili ukaambiwa nafasi yako imefutwa na awamu imekwenda. Hiyo hatari iweke kwenye hesabu ya kubaki, usiichukulie milioni 4 na laki 2 kama hela iliyoko benki tayari.

Kwa hiyo kabla hujawajibu hao wapya fungua barua. Kama hakuna sentensi ya kurudisha, waoneshe unachokiacha, waombe bonasi ya kuanzia ya kufidia japo nusu yake, ni ombi la kawaida na wengi huwa wanatoa kitu. Kama ipo, nenda kwa watu wa utumishi uombe iwe kwa kilichoingia benki na ipungue kwa miezi uliyokaa, wakukubalie kwa maandishi. Na angalia kama ulisaini kukubali wakate kwenye malipo yako ya mwisho. Sheria ya ajira ya 2004 hairuhusu mwajiri akukate deni bila ridhaa yako ya maandishi, ila kama sahihi yako ipo kwenye barua ileile ridhaa wanayo, na mshahara wa mwisho na hela ya likizo unaweza ukavikuta vimeshaliwa. Yote hayo yafanye kabla hujatoa notisi.