Kabla ya kubadilishana rasimu

Wape wanafunzi rasimu za wenzao bila maelekezo, uone kitakachorudi: "Kazi nzuri, ila rekebisha tahajia." Huo si uvivu. Kosa la herufi huonekana bila kuumiza kichwa, na sifa hazimuudhi mtu.

Mwongozo ninaowapa ni nusu ukurasa, maswali matatu tu. Mwandishi anadai nini? Jibu kwa sentensi moja, kwa maneno yako. Umekwama wapi? Pigia mstari, useme kwa nini. Abadilishe jambo gani moja katika rasimu ijayo? Tahajia ni marufuku kwa sasa. Ya nini kusafisha sentensi ambayo huenda ikafutwa? (Zamani nilikuwa na orodha ya vipengele kumi na viwili. Waliijaza kama fomu: ndiyo, ndiyo, ndiyo.)

Lakini karatasi peke yake haimfundishi mtu. Kwa hiyo darasa zima huanza na rasimu moja niliyoitunga mwenyewe, ili asiwepo wa kuona haya. Mfano: "Simu zipigwe marufuku darasani. Zinavuruga usikivu. Pia ni ghali sana." Wanaandika maoni kwa dakika kumi, kisha nachagua matatu na kuyaweka ubaoni bila majina:

"Umejitahidi."

"Ongeza maelezo."

"Unataka simu zizuiwe kwa sababu zinavuruga usikivu. Nimekwama kwenye bei: ughali unahusianaje na usikivu? Iondoe, au onyesha uhusiano."

Hapo nauliza: ungekuwa wewe mwandishi, ni maoni gani yangekufanya ujue pa kuanzia leo jioni? La kwanza huanguka mara moja. Ubishi huwa kwenye "Ongeza maelezo", maana wengi huliona zuri, mpaka mmoja aulize: maelezo ya nini, na yaingie wapi? Baada ya ubishi huo ndipo wanabadilishana rasimu zao.

Kwangu swali la kwanza ndilo lenye uzito, ingawa wanafunzi huliona la kitoto. Msomaji akiandika, "Unadai simu ni ghali," na mwandishi hakukusudia hivyo, basi amejua hoja yake imezama, na hakuna aliyemlaumu. Naye msomaji amelazimika kusoma mpaka mwisho.

Alama siwaruhusu kupeana. Zikiingia tu, fadhila nazo huingia: nipe nane nikupe nane. Tena mwongozo huu hauponyi kila kitu. Wote wawili wakiwa hawajaielewa mada, kosa la ukweli litapita mbele ya macho yao, na hilo linabaki kazi ya mwalimu.

Rasimu ya pili huja na mistari miwili juu yake: ushauri niliofuata, na ushauri nilioukataa na sababu yake. Nikizipokea kazi, huo wa kukataa ndio ninaoanza kuusoma.