Marehemu Katoka Bafuni

Sehemu ya kwanza ya hadithi yangu niliikatia patamu kabisa: “Mume wangu tulimzika Ijumaa. Jumatatu usiku simu yangu ikaita. Nikatazama kioo. Ni yeye.” Itaendelea. Nikaituma kwa wasomaji, nikalala fofofo.

Alfajiri nikasikia kilio mlangoni. Shangazi, kajifunga kitenge, nyuma yake wanawake wa ukoo wanagaragara. “Mwanangu, unazika kimyakimya kama huna watu?” Kabla sijajibu, marehemu akatoka bafuni na taulo kiunoni, akauliza sabuni iko wapi.

Wenzake walitimka. Shangazi alibaki, akamdonoa mume wangu bega kwa kidole, kisha akanigeukia kwa hasira. Nikamweleza kwamba ile ni hadithi tu.

“Hadithi sawa. Sasa nani alipiga simu?”

Mtu kaacha kulia ili aulize! Nilifurahi, kwa sababu sehemu ya kwanza ndivyo inavyotakiwa kuisha: swali moja tu, tena unyamaze mstari mmoja kabla ya jibu. Ukiacha maswali manne, msomaji halibebi hata moja.

Deni hilo hulipwa mwanzoni mwa sehemu inayofuata. Ukianza kumsimulia mvua na upepo, anahisi umemtapeli. Kwa hiyo sehemu ya pili nilijibu papo hapo, ila jibu lenyewe likazaa balaa: aliyepiga alikuwa mwanamke. “Samahani, dada,” akasema. “Simu hii ni ya mume wetu.” Itaendelea.

Jioni Shangazi huyo, safari hii bila machozi. “Simu,” akamwambia mume wangu, mkono kaukunjua.

“Shangazi, mimi si yule wa kwenye hadithi.”

“Wote husema hivyo.”

Akapekua majina yote. Kwa “Fundi Bomba” akasimama, akataka kujua ni bomba lipi lililoharibika, lini, na fundi huyo ana sauti gani. Akampigia. Fundi alikuwa mwanamume mwenye kikohozi. Shangazi hakuridhika.

Mume wangu akanisihi nimwokoe katika sehemu ya tatu. Haikuwezekana. Kama ningesema “mume wetu” lilikuwa neno la bahati mbaya, wasomaji wangenikimbia, na wangekuwa na haki. Mwanamke yule akawa bi mkubwa kweli, mume akabaki kaburini, swali la simu likafungwa. Sehemu ya mwisho haikatwi katikati kama zile mbili: kisa unakimaliza, halafu unaacha ufa mdogo wa kupitishia hadithi ijayo. Ufa wangu ulikuwa picha ya mazishi. Wajane wawili wanaitazama pamoja, na nyuma yao yuko mwanamke wa tatu, analia kuwazidi.

Sasa Shangazi yuko sebuleni. Ameomba albamu ya harusi yetu, kavaa miwani, anafunua ukurasa mmoja mmoja akitafuta nani alilia.