Lori limefutika, nyanya naye kaenda nalo

Jamani hii habari ya kwamba siku hizi modeli ya AI "inafuta kila kitu" kwenye video imenichosha. Wiki iliyopita nilikuwa naediti harusi ya hapa Malindi, wanawake wamejipanga ukutani wanapiga makofi na vigelegele, mara lori la mchanga likapita mbele ya kamera. Dada yake bibi harusi akaniambia, "Kaka, litoe hilo lori, si siku hizi ni kubonyeza tu?"

Nikachora maski, yaani alama inayofunika lori kuonyesha cha kufutwa, nikairusha kwenye modeli. Ukuta ulitoka safi kabisa, hilo nakubali. Lakini ukuta hausogei, kile kipande kilichofichwa na lori kinaonekana fremu chache kabla na chache baadaye, kwa hiyo modeli inakiazima huko na kukibandika.

Sasa nyuma ya lori alisimama nyanya yao. Video ni fremu 25 kwa sekunde na lori lilimziba fremu 30, yaani sekunde moja na kidogo, na muda wote huo yeye anapiga makofi. Ile mikono vile ilivyokuwa haiko kwenye fremu yoyote, hakuna pa kuiazima, basi modeli ikabuni. Vidole vikayeyuka vikawa kama ukungu, halafu ile leso, maua yapo lakini maandishi yake yamegeuka mikwaruzo isiyosomeka. Ukicheza kwa kasi ya kawaida unaweza usione, pita fremu moja moja utazame mikono na maandishi, hapo ndipo uongo unapoonekana. Na lori likiwa kubwa ni balaa zaidi maana limejaza karibu picha nzima, modeli inabakiwa na ukingo mdogo tu wa kujua pale ndani palikuwa na nini.

Upande wa mbele nako kuna kijana kapita na baiskeli, lori likiwa nyuma yake. Nilipoweka `--mask_dilation 4`, yaani maski ipanuke kidogo kuzunguka lori, ukabaki mstari wa buluu wa lori kwenye kiwiko chake, kupandisha 8 kiwiko kikaliwa. Nikamchorea kijana maski yake peke yake nikamrudisha juu, kiwiko kikapona. Spoku hazikupona, ni nyembamba mno, pikseli moja ina chuma na rangi ya lori pamoja, huwezi kuzitenganisha kwa mstari.

Kuna modeli mpya zinazofuta mpaka kivuli, sawa, lakini nazo mikono ya nyanya hazijaiona. Na mimi sitaki kumpa mtu mikono ya kubuni ya nyanya yake aitunze miaka 20 akidhani ni yenyewe, sitaki kabisa.

Nikamwita yule dada nikamwonyesha fremu moja moja. Akanyamaza, akasema, "Hii siyo mikono yake." Basi lori nimelifuta pale penye ukuta tu, na zile fremu 30 nimeweka bibi harusi anavyocheka, sauti ya makofi nimeiacha inaendelea chini yake.