Unga wa bei nafuu na mkate ulioanguka: nani alaumiwe?

"Mtu wangu wa manunuzi kapata unga wa bei ya chini, lakini mhasibu anasema jikoni tumekula karibu chote alichookoa. Nimshukuru nani, nimbane nani?"

Mwenye swali ana bekari ndogo Morogoro, na daftari lake liko safi kiasi cha kumjibu kwa hesabu. Anaoka mkate wa gramu 400. Kiwango alichojiwekea, ambacho wahasibu hukiita gharama sanifu, ni gramu 280 za unga kwa kila mkate mmoja mzuri, na unga huo awe amenunua kwa shilingi 1,800 kwa kilo, yaani 45,000 kwa mfuko wa kilo 25. Mwezi uliopita alitoa mikate mizuri 10,000. Alinunua mifuko 120, yaani kilo 3,000, kwa shilingi 42,500 kila mmoja, ambayo ni 1,700 kwa kilo. Mwisho wa mwezi stoo ilibaki na mifuko miwili. Kwa hiyo jikoni kulitumika kilo 2,950.

Tofauti ya bei ni nyepesi kuipata. Kila kilo ilinunuliwa kwa shilingi 100 chini ya kiwango, na kilo ni 3,000. Nafuu ni shilingi 300,000.

Tofauti ya matumizi inataka uangalifu kidogo. Mikate 10,000 ilistahili kilo 2,800. Zimetumika 2,950, zimezidi 150. Kilo hizo tunazithamini kwa bei ya kiwango, 1,800, si kwa bei iliyolipwa, ili mwokaji asipate ahueni wala mzigo kutokana na mapatano ya sokoni ambayo hakuwemo. Hasara ni shilingi 270,000. Na zingatia kwamba kipimo ni mikate iliyotoka kweli. Nimeona mahali wanalinganisha unga uliotumika na bajeti ya mwezi. Wakioka zaidi ya walivyopanga jiko linaonekana lina ufujaji, wakioka pungufu linaonekana hodari, na yote mawili ni uongo.

Basi kwenye karatasi tuna nafuu ya 300,000 na hasara ya 270,000. Wanaoutetea mgawanyo huu wa bei na matumizi wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Mwenye bekari hawezi kuwa sokoni na jikoni kwa wakati mmoja. Akitazama jumla ya gharama ya unga peke yake, ataona mambo ni shwari, kwa kuwa nafuu imeifunika hasara. Mgawanyo ndio uliomwonyesha kwamba kilo 150 zimepita njia isiyotarajiwa. Tena unaleta habari mapema, maana tofauti ya bei inaonekana siku ile ile risiti inapoingia. Wapo wanaopenda kuikokotoa pale unga unapotumika tu, kwa hoja kwamba unga ulioko stoo bado haujawa gharama ya mkate. Kwa kilo 50 zilizobaki hapa, ubishi huo unahusu shilingi 5,000. Mimi nasimama na wanaoipima siku ya kununua. Bekari ikijaza stoo ya miezi miwili, kusubiri matumizi ni kuujua uamuzi wa mnunuzi wakati hauwezi tena kurekebishwa.

Hoja ya upande wa pili inaanzia kwenye beseni la kukandia. Mgawanyo unachukulia kwamba bei ni ya mnunuzi na matumizi ni ya mwokaji, kana kwamba unga ni ule ule. Safari hii haukuwa ule ule. Unga wa mwanzo ulikuwa na protini ya kutosha, na kilo 100 zake zilinywa lita 56 za maji. Ukiongeza kilo 5 za sukari, 3 za mafuta na 2 za chumvi na hamira, unapata kilo 166 za donge. Unga mpya, dhaifu kidogo, ulikuwa unakubali lita 52 tu. Ukiulazimisha zaidi, donge linanata mezani na halishiki umbo. Kilo 100 zikatoa donge la kilo 162. Maji hayana bei ya kutisha, lakini yanajaza trei, na yanapopungua pengo linazibwa na unga.

Twende taratibu. Kilo 2,800 za kiwango zilitakiwa zitoe donge la kilo 4,648. Kulipata donge hilo kwa unga mpya, lazima utumie kilo 2,869. Kilo 69 zimekwisha kueleweka, na hakuna mwokaji duniani ambaye angeziepuka. Zimeandikwa kwenye jina lake, ilhali ziliamuliwa dukani.

Halafu kuna mikate 150 iliyotupwa au kuuzwa kama mabaki kwa wafugaji, mingi ikiwa imeanguka katikati. Kila mmoja ulikula kama gramu 287, jumla kilo 43. Hapa mambo si mepesi. Unga dhaifu hauna gluteni, ile protini inayovutika, ya kutosha kushikilia hewa, hivyo mkate huumuka vizuri kisha hulala ukiingia kwenye joto. Lakini mkate ulioachwa uumuke kupita kiasi huanguka vilevile, hata kwa unga bora, na hilo ni kosa la jikoni.

Zinabaki kilo 38. Kwa hizi nilikuwa na washukiwa wawili, na nawataja wote kwa sababu wengi hukimbilia mmoja. Wa kwanza ni kisu cha kugawia. Donge linatakiwa liwe gramu 465, na kilo 38 ukizigawa kwa mikate yote iliyokatwa ni ziada ya gramu 6 hivi za donge kwa kila mmoja. Wa pili ni mfuko wenyewe. Mifuko 118 iliyofunguliwa, kama kila mmoja ungekuwa pungufu gramu 320, ingetoa pengo lile lile, na ripoti ingesema jikoni kumefujwa wakati unga haukuwahi kuingia mlangoni. Vitabu haviwezi kuwatenganisha hawa wawili. Mizani inaweza. Madonge 20 yaliyopimwa mezani yalikuwa na wastani wa gramu 471, na mifuko 10 iliyopimwa kabla ya kufunguliwa ilikuwa na kilo zake kamili. Kilo 38 ni za jikoni, na thamani yake ni shilingi 68,400.

Kwa hiyo katika ile hasara ya 270,000 iliyoandikwa kwa mwokaji, kiasi ambacho ni chake bila ubishi ni robo tu. Shilingi 124,200 zilikuja na unga, na 77,400 za mikate iliyoanguka bado zina mgogoro.

Sasa upande wa mnunuzi, maana naye anapewa sifa kwa mkono mpana mno. Kiwango cha 1,800 kiliwekwa mwanzoni mwa mwaka. Tanzania inaagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, kwa hiyo bei ya mfuko hufuata soko la dunia na thamani ya shilingi. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, ngano ilipanda ghafla, na mnunuzi mwenye bidii kuliko wote angeonyesha hasara ya bei. Mwezi huu upepo ulivuma kinyume. Unga ule ule wa zamani, kwa msambazaji yule yule, ulikuwa umeshuka hadi 1,760. Katika shilingi 100 za nafuu, 40 zililetwa na soko. Zake ni 60, yaani 180,000 badala ya 300,000.

Hapo ndipo napata swali ambalo tofauti hizi mbili, kila moja peke yake, haziliulizi: je, kubadili unga kulilipa? Tuliweke bila kisu cha kugawia, kwa kuwa kosa lile lingekuwepo kwa unga wowote. Kwa unga wa zamani, mikate 10,000 ingekula kilo 2,800 kwa 1,760, ambazo ni shilingi 4,928,000. Kwa unga mpya, tukikubali kwamba mikate iliyoanguka ni kosa la unga, ni kilo 2,912 kwa 1,700, ambazo ni 4,950,400. Bekari imelipa zaidi shilingi 22,400, na bado hujahesabu sukari na mafuta yaliyofuata zile kilo 112, wala moto uliooka mikate isiyouzika. Tukisema mikate ilianguka kwa uzembe wa jikoni, unga mpya unabeba kilo 2,869 tu, sawa na 4,877,300, na mnunuzi ameiokolea bekari 50,700. Hukumu yote imeegemea mikate 150.

Kwa hiyo simshauri mwenye bekari atupe mgawanyo wa tofauti. Bila huo asingefika hapa. Ila sikubaliani na wanaoufanya kuwa karatasi ya tuzo na adhabu, mnunuzi akapewa bonasi kwa nafuu ya bei na mwokaji akakatwa kwa ziada ya matumizi. Ukilipa watu hivyo, mnunuzi atafuata unga dhaifu kila mwezi kwa kuwa madhara yake yanaandikwa kwa mwingine, na mwokaji atajifunza kulilinda jina lake kwa kupunguza uzito wa mkate. Mteja atakuwa wa kwanza kuligundua hilo. Ningependa kila unga mpya upewe kiwango chake cha gramu kabla ya kununuliwa kwa wingi. Mkando mmoja wa majaribio unatosha kuonyesha unakunywa maji kiasi gani. Hapo zile kilo 69 zingejulikana siku ya kwanza, na zingewekwa mbele ya mnunuzi kabla hajalipa.

Kuhusu mikate iliyoanguka, kuna njia ya kuumaliza ubishi kwa siku sita. Kila siku bekari inaoka mikate kama 385. Nusu ikandwe kwa unga wa zamani, nusu kwa mpya, mwokaji yule yule, muda wa kuumuka upimwe kwa saa na si kwa macho. Mifuko 13 ya unga wa zamani inatosha. Kwa kasi ya mwezi uliopita, upande wa unga mpya utaangusha mikate kama 17. Upande wa zamani ukiangusha miwili au mitatu, kosa lilinunuliwa. Zikilingana, mwokaji na saa yake wana la kujibu. Na kama ni unga, mnunuzi anayo tayari bei yake ya mwisho ya kuukubali, bila kuhesabu sukari na mafuta: 1,692 kwa kilo, yaani shilingi 42,300 kwa mfuko, mradi ule wa zamani uko 44,000. Yeye alilipa 42,500.