Acheni vyeo vibaki, ondoeni magoti

Watanzania wenzangu tunaoishi Uswidi tukirudi likizo huwa tunaikosoa nchi kwa jambo moja hasa, vyeo. Tunauliza kwa nini kila barua ianze na Mheshimiwa, Ndugu Mkurugenzi, Mhandisi, Dokta, wakati huku tunamwandikia mkuu wa idara ya serikali kwa jina lake la kwanza na hakuna anayenuna. Mimi sikubaliani na lawama hiyo. Barua zetu za nyumbani zina tatizo kweli, lakini haliko kwenye vyeo.

Uswidi yenyewe haikuzaliwa hivi. Hadi miaka ya 1960 watu huku waliitana kwa vyeo, na asiyejua cheo cha mwenzake alihangaika kupanga sentensi. Mwaka 1967 Bror Rexed, aliyekuwa mkuu mpya wa mamlaka ya taifa ya afya, aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba atawaita wote kwa majina yao ya kwanza, nao wamwite hivyo hivyo. Mabadiliko yalikuwa yameshaanza na tukio lile likawa alama yake. Leo barua kwa mkurugenzi mkuu inaanza na salamu fupi na jina lake.

Lakini usidhani jina la kwanza ndilo linalokupatia majibu. Barua ikifika ofisini inasajiliwa na shauri lako linapewa namba. Sheria ya utawala iliyoanza kutumika Julai 2018 inasema shauri ulilolifungua mwenyewe likipita miezi 6 bila uamuzi katika ngazi ya kwanza, una haki ya kudai kwa maandishi liamuliwe, na mamlaka ina wiki 4 za kuamua au kukukatalia dai hilo kwa uamuzi unaoweza kuukatia rufaa. Haki ya raia kusoma nyaraka za serikali ipo tangu 1766. Mwandishi ana namba na sheria mkononi, kwa hiyo hana sababu ya kubembeleza.

Nyumbani tunabembeleza kwa sababu hatuiamini njia ambayo barua inapita. Mdogo wangu alinitumia rasimu ya barua kwa mkurugenzi wa halmashauri moja kuhusu kiwanja alichokwisha kulipia, ila barua ya toleo hajapewa. Ilianza hivi: "Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi mpendwa, kiongozi wetu shupavu na mchapakazi usiyelala kwa ajili yetu wanyonge. Kwa unyenyekevu mkubwa na taadhima, mimi mwananchi wako ninapiga magoti mbele ya ofisi yako tukufu…" Namba ya kiwanja niliikuta ukurasa wa pili, karibu na sahihi. Tarehe ya malipo haikuwemo kabisa.

Nilimwambia afikirie nani anaifungua barua ile. Si mkurugenzi, ni karani wa masjala. Yeye anagonga mhuri wa kupokelewa, anatafuta jalada linalohusika, anaiweka humo na kuipa namba ya folio, ndipo jalada linapanda juu. Mkurugenzi anaandika maelekezo mafupi, na jalada linashuka kwa afisa ardhi. Kila mmoja katika mnyororo huo anatafuta kitu kile kile: hii inahusu nini, na anaomba tufanye nini? Sifa za kurasa mbili zinawachosha wote watatu, na karani asipoona namba ya kiwanja anaweza kuitupia kwenye jalada la barua mchanganyiko.

Kwa hiyo tukaiandika upya. Anwani yake na tarehe juu kulia. Kushoto, cheo cha ofisi peke yake: Mkurugenzi, jina la halmashauri, sanduku la posta. Jina la mtu hatukuliweka, kwa sababu wakurugenzi huhamishwa na barua ni ya ofisi. Kisha:

"Ndugu Mkurugenzi,

YAH: BARUA YA TOLEO YA KIWANJA NA. 214, KITALU C

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nililipia kiwanja hiki tarehe 6 Machi na nakala ya stakabadhi nimeiambatisha. Hadi leo sijapata barua ya toleo. Nilifika Idara ya Ardhi tarehe 12 Juni, nikaelezwa kuwa jalada linafanyiwa kazi.

Naomba ofisi yako inijulishe kwa maandishi jalada limefikia hatua gani, na kama kuna kielelezo kinachopungua upande wangu.

Naomba kuwasilisha."

Kisha sahihi, jina kamili na namba ya simu.

Mdogo wangu aliogopa kwamba barua ni kavu. Nikamwomba aisome kwa sauti. Cheo kipo, tena mahali pake, mara moja kwenye anwani na mara moja kwenye salamu. "Naomba" ipo mara mbili na inatosha. "Ofisi yako" inamwelekea mkurugenzi bila kumwita mungu mtu wala kumlaumu kwa ucheleweshaji ambao huenda hajausikia. Ombi la kujibiwa kwa maandishi halina ukali wowote, ni utaratibu wa ofisi yenyewe.

Palipo na Mheshimiwa, mwite Mheshimiwa. Waziri, mbunge, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, diwani, jaji: huo ndio mwito wao uliozoeleka na kuuacha ni kutafuta ugomvi usio na faida. Mpangilio nao una desturi yake: Mhe. hutangulia, kisha Prof. au Dkt., kisha jina. Mkurugenzi wa halmashauri ni mtendaji, na kwa maoni yangu "Ndugu Mkurugenzi" inampa heshima yake yote. Ukimwongezea Uheshimiwa hatakasirika, ila msomaji makini atahisi unataka kumpaka mafuta. Kibaya zaidi ni kukosea kwa kupunguza. Mtu aliyesomea udaktari wa falsafa ukimwandikia Bwana tu ataona hukujishughulisha hata kusoma barua aliyokujibu, kwa maana cheo chake kiko pale chini ya sahihi. Nakili kutoka hapo. Ukikuta "k.n.y." kabla ya cheo, aliyesaini amesaini kwa niaba ya mkuu wake, kwa hiyo jibu lako bado linaelekezwa kwa mkuu.

Wapo wenzangu wa huku wanaokwenda upande wa pili. Wanaiga ufupi wa Uswidi na kumwandikia mkurugenzi wa nyumbani, "Nataka jibu ndani ya siku saba", halafu wanaweka nakala kwa mkuu wa wilaya na waziri kwenye barua ya kwanza kabisa. Hiyo inasomwa kama mashtaka. Afisa ardhi akiiona anaacha kutafuta barua yako ya toleo, anaanza kuandika maelezo ya kujitetea. Nakala zina wakati wake, nao ni baada ya ukimya.

Ndiyo maana nilimsisitiza mdogo wangu apeleke barua kwa mkono ikiwa na nakala ya pili, na nakala hiyo igongwe mhuri wa masjala wenye tarehe. Huku namba ya shauri inakuja yenyewe, kule lazima uifuate. Kimya kikizidi mwezi, ataandika ya kukumbusha yenye sentensi mbili: "Rejea barua yangu ya tarehe 3 Julai, iliyopokelewa masjala siku hiyo hiyo. Naomba kujulishwa ilipofikia." Hapo nakala kwa mkuu wa wilaya inaweza kuwekwa chini kabisa, kwa cheo chake kamili, bila neno jingine.